Hiari Yake Nani?

Nahodha aliitoa karatasi kwenye bahasha ya kaki, akaipapasa juu ya meza yangu mpaka ikanyooka, kisha akaweka kidole kwenye kipengele cha nne. "Soma hapo, mwanangu. Soma kwa sauti."

Sikuhitaji kusoma. Maneno yale nilikuwa nimeyaandika mwenyewe miezi minane nyuma, nikiwa kwenye kiti hichohicho, katika kiofisi changu cha Langoni, mjini Lamu, hatua chache kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Nilisoma hata hivyo: "Bidhaa ikipatikana na kasoro ndani ya muda wa dhamana, kampuni itamtengenezea mnunuzi au kumbadilishia bidhaa hiyo kwa hiari yake."

"Hiari ya nani?" akauliza.

Nikafungua mdomo kusema "ya kampuni", kisha nikaufunga. Nilikuwa nimeliona.

Mzee huyu alinunua friza ya sola mwezi wa Februari kwa muuzaji mmoja wa Mombasa ambaye mimi ndiye niliyemfasiria karatasi ya waranti na masharti ya kurudisha bidhaa. Waranti ilikuwa ya miezi kumi na miwili. Friza ikafanya kazi vizuri hadi Agosti, ikaacha kugandisha. Fundi akatumwa kutoka Mombasa, akavuka na boti kutoka Mokowe, akabadilisha bodi, akaondoka. Wiki tatu baadaye ugonjwa uleule ukarudi. Muuzaji akasema atamtuma fundi tena. Nahodha akasema hataki fundi, anataka friza mpya, na karatasi yake inamruhusu. Muuzaji akamwambia karatasi haisemi hivyo. Basi akaja kwa aliyeiandika.

Kiingereza nilichofasiri hakikuwa na utata wowote. Kiingereza kina neno moja la "yake" la mtu na jingine la "yake" la kitu kama kampuni, na lililotumika pale lilikuwa la kampuni. Chaguo la kutengeneza au kubadilisha lilikuwa la muuzaji, wala hakuna wakili angeweza kulisoma vingine. Kiswahili hakibagui hivyo. "Yake" inafuata ngeli ya hiari, haijali mwenye hiari ni mtu au shirika. Kwenye sentensi yangu kulikuwa na wawili wanaoweza kuimiliki, kampuni na mnunuzi, na mnunuzi ndiye aliyetajwa mwisho, karibu zaidi na lile "yake".

Kuna jingine ambalo ningepaswa kulifikiria zaidi kuliko sarufi. Ukimwambia mzee wa Lamu "hiari" katika habari ya kununua na kuuza, humwambii neno geni. Wengi wamepita chuoni kusoma dini, na katika mafunzo ya biashara ya sheria ya Kiislamu hiari ni haki yenye jina: mnunuzi akigundua ila, yaani kasoro, iliyokuwamo kwenye bidhaa kabla ya kukabidhiwa, ana hiari ya kuirudisha na kuchukua pesa yake, au kubaki nayo kama ilivyo. Hiari ya ila ni ya mnunuzi. Kwa hiyo nahodha hakuipindisha karatasi yangu hata kidogo. Aliisoma kama ambavyo mtu yeyote mwenye elimu yake angeisoma, na mimi, ambaye nimekaa chuo kilekile, nilikuwa nimelichomeka neno lile nikiwa na Kiingereza tu kichwani.

Nilimpigia simu muuzaji siku ileile nikamwambia kosa ni langu. Hakufurahi, na sikutarajia afurahi. Alimuuliza wakili wake, na jibu lilikuwa fupi. Sheria ya Kulinda Watumiaji, Namba 46 ya mwaka 2012, inasema kwamba maneno ya mkataba yaliyoandaliwa na muuzaji yakiwa na maana zaidi ya moja zinazokubalika, yatafasiriwa kwa faida ya mtumiaji. Tena muuzaji alikuwa amewapa wanunuzi wa Lamu karatasi ya Kiswahili peke yake. Ile ya Kiingereza ilibaki kwenye kompyuta yake Mombasa. Hapakuwa na kifungu kinachosema lugha ipi itatangulia zikigongana, na hata kingekuwapo, sioni kingemsaidia vipi mtu aliyeuza kwa karatasi moja na kutaka kujitetea kwa nyingine ambayo mteja hajaiona.

Nahodha akaletewa friza mpya. Mimi nikaambiwa niifasiri karatasi yote upya, bure. Nilikubali, na hapo ndipo nilipogundua kwamba "hiari yake" ilikuwa tu ile iliyotangulia kulipuka.

Kosa lenyewe nilirekebisha kwa fungu moja la maneno: "kampuni ndiyo itakayoamua kama itaitengeneza bidhaa au itambadilishia mnunuzi." Ni refu kidogo, halina mvuto, lakini hakuna anayeweza kulichukua. Tangu siku hiyo, katika karatasi za namna hii, nimejikataza "-ake" na "-ao" popote penye pande mbili. Narudia nomino. Mwalimu wangu wa insha angenikata alama kwa kurudiarudia "kampuni" mara nne katika aya moja, lakini yeye hakuwahi kuuza friza.

Kilichonipa kazi kubwa ni neno ambalo wala halikuwa limeleta ugomvi: dhamana. Madukani watu husema waranti au gerenti, na wanamaanisha kitu kimoja, yaani ahadi ya muuzaji kwamba ikiharibika kabla ya muda fulani atakushughulikia. Ahadi hiyo ni ya kujitolea. Anaweza kuitoa kwa miezi mitatu, anaweza kuitoa kwa miaka miwili. Lakini karatasi ya Kiingereza ilikuwa na aina ya pili ya dhamana, ambayo haitoki kwa muuzaji. Inatoka kwenye sheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, huingiza masharti kwenye mauzo hata kama hakuna aliyeyatamka: kwamba muuzaji ana haki ya kukiuza kitu hicho, kwamba kinalingana na maelezo yake, kwamba kinafaa kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji. Sheria ya 2012 nayo inamchukulia muuzaji kuwa ameahidi bidhaa yenye ubora unaostahili kuuzwa, apende asipende.

Katika tafsiri yangu ya kwanza zote mbili zilikuwa "dhamana". Matokeo yake yalikuwa sentensi hii, ambayo naona haya kuinakili: "Dhamana hii inachukua nafasi ya dhamana nyingine zote, zilizotamkwa na zisizotamkwa." Msomaji wa kawaida anaelewa nini hapo? Anaelewa kwamba kama kuna waranti nyingine dukani, labda ya kiwandani, basi hii ndiyo itakayofuatwa. Hawezi kujua kwamba anaambiwa haki zake za kisheria zimefutwa.

Ugumu unaongezeka kwa sababu sheria yenyewe inatumia neno hilo kwa maana ya tatu, nyembamba. Katika Sura ya 31, ahadi iliyo kiini cha mauzo ni sharti, na likivunjwa mnunuzi anaweza kuikataa bidhaa. Ahadi ya pembeni ndiyo dhamana, na ikivunjwa mnunuzi anadai fidia tu, hawezi kuirudisha bidhaa kwa sababu hiyo. Ukiandika "dhamana za kisheria" pale Kiingereza kilipotaja vyote viwili, sharti na dhamana, umemnyang'anya mnunuzi nusu ya alichonacho, ile nusu yenye meno.

Nikaamua kila kimoja kiwe na jina lake na kisiguswe hadi mwisho wa karatasi. "Waranti" ikawa ahadi ya kampuni, kwa sababu ndivyo watu wanavyoiita wenyewe. "Haki zako za kisheria" ikawa kile kinachotoka kwenye sheria. Palipohitajika kutofautisha zaidi, nikaandika "masharti na dhamana zinazoingizwa na sheria". Neno "dhamana" peke yake nikaliacha kabisa. Kwanza nusu ya wasomaji wakilisikia wanafikiria mtu aliyetolewa polisi.

Lakini baada ya kuyapanga majina, sentensi ile ya kufuta ikasimama uchi. Sasa ilisema: "Waranti hii inachukua nafasi ya masharti na dhamana zote zinazoingizwa na sheria." Na hiyo, kwa Kenya, haiwezekani. Sheria ya 2012 inasema wazi kwamba kipengele chochote kinachojaribu kuyaondoa au kuyabadilisha masharti hayo kwa mtumiaji ni batili. Inaelekea aliyeandika Kiingereza kile aliinakili karatasi ya nchi nyingine.

Hapa kuna kishawishi ambacho kila mfasiri anakijua. Unaweza kuilainisha sentensi kimyakimya, ukaandika kile unachojua ni sahihi, na hakuna atakayekushika. Niliwahi kufanya hivyo zamani kwa karatasi nyingine na nikajiona mtu mwema. Siku hizi naona ni kosa, kwa sababu unaacha karatasi mbili zinazosema mambo mawili, na muuzaji hajui. Niliifasiri kama ilivyo, nikaipaka rangi ya manjano, nikaambatanisha maelezo ya mistari mitano kwa muuzaji: sentensi hii kwa Kiswahili inasema hivi, sheria hii inasema hivi, muulize wakili kabla sijaendelea. Siku mbili baadaye Kiingereza kikarudi kimebadilishwa. Kipengele cha kufuta kilikuwa kimeondoka, na mahali pake pakawa na sentensi iliyofasirika kwa wepesi: "Waranti hii ni nyongeza juu ya haki zako za kisheria. Haipunguzi wala kuondoa haki yoyote kati ya hizo."

Kipengele cha mpaka wa dhima ndicho kilichoninyima usingizi. Neno dhima silo tatizo. Wazee wa hapa wanalijua vizuri: deni au wajibu ulio shingoni mwa mtu, ambao hauondoki mpaka autekeleze au asamehewe. Nililipenda kuliko "kuwajibika", ambalo siasa zimelichosha. Shida ilikuwa ni mpangilio. Kiingereza kilianza na "kwa kadiri sheria inavyoruhusu", kikaendelea na mambo mawili: kwamba kampuni haitakuwa na dhima ya hasara ya vitu vilivyohifadhiwa wala faida iliyopotea, na kwamba kwa vyovyote dhima yake yote haitazidi bei ya bidhaa. Kisha kikamalizia na kutoa nje: hakuna kati ya haya kinachogusa dhima ya kifo au jeraha linalotokana na uzembe wa kampuni.

Tafsiri yangu ya kwanza ilikuwa sentensi moja, na ile "kwa kadiri sheria inavyoruhusu" nilikuwa nimeipeleka mwisho kwa sababu ilisikika vizuri pale. Ikawa imeshikamana na bei tu. Yaani ile sehemu ya samaki kuoza ikabaki bila kizuizi chochote: kampuni haina dhima, basi, kama zile bango za dukani za "bidhaa zikishauzwa hazirudishwi". Na sehemu ya kifo na jeraha nilikuwa nimeiandika "isipokuwa kifo au jeraha", ikining'inia baada ya bei, kiasi kwamba mtu angeweza kuelewa kwamba ukijeruhiwa unalipwa zaidi ya bei lakini bado hutalipwa samaki wala faida iliyopotea kwa sababu ya jeraha lilelile. Kiingereza hakikusema hivyo. Kilitoa jeraha nje ya mipaka yote miwili.

Kilichonisaidia ni kuivunja. Kiswahili hakidai sentensi ndefu ili kitu kiwe cha kisheria. Niliandika hivi:

"Kipengele hiki kinatumika kwa kadiri sheria inavyoruhusu tu. (a) Kampuni haitakuwa na dhima ya vitu vilivyoharibika ndani ya friza wala ya faida iliyopotea. (b) Dhima yote ya kampuni haitazidi bei ambayo mnunuzi alilipa kununua friza. (c) Mipaka ya (a) na (b) haihusu kifo au jeraha la mwili linalosababishwa na uzembe wa kampuni. Kwa hayo, dhima ya kampuni haina mpaka uliowekwa hapa."

Sikuamini macho yangu mwenyewe tena, kwa hiyo nilifanya jambo ambalo sasa nalifanya kila mara. Sikuomba mtu anirudishie tafsiri kwa Kiingereza. Hilo hukamata maneno yaliyoruka lakini huacha maana zilizogeuka, maana anayerudisha akijua Kiingereza cha kisheria hukirekebisha bila kujua. Nilimpa karatasi binamu yangu anayeuza vifaa vya boti, asiyejua lolote la mkataba huu, nikamuuliza maswali ya visa. Friza imekufa mwezi wa saba, nani anachagua kati ya kutengeneza na kubadilisha? Samaki wa shilingi elfu ishirini wameoza, unadai nini? Waya umemchoma mtoto kwa sababu fundi wa kampuni aliufunga vibaya, kuna kikomo? Friza imebadilishwa mwezi wa nane, hiyo mpya ina waranti ya miezi mingapi?

Alijibu yote sawasawa isipokuwa moja ambalo sikulitegemea. Karatasi ilisema mnunuzi anaweza kurudisha friza ambayo haijatumika ndani ya siku saba "tangu kukabidhiwa". Nikamuuliza: imepakiwa kwenye lori Mombasa Jumatatu, imefika Mokowe Jumatano, imevushwa hadi Lamu Ijumaa kwa sababu bahari ilichafuka. Siku saba zinaanza lini?

"Ijumaa," akasema. "Nimekabidhiwa ikifika kwangu."

Mimi pia ningesema Ijumaa. Lakini Kiingereza kilikuwa kimetumia neno la kisheria, na katika Sura ya 31, muuzaji anayetakiwa kuipeleka bidhaa akishamkabidhi mchukuzi, kwa kawaida huchukuliwa kuwa amemkabidhi mnunuzi. Kisheria siku zingeweza kuanza Jumatatu, na ifikapo Ijumaa mtu wa Lamu amebakiwa na siku mbili tatu, bado hajaitoa friza kwenye maboksi. Kwa mtu wa Mombasa mwenye duka mtaa wa pili tofauti hiyo haipo kabisa. Ndiyo maana hakuna aliyeifikiria.

Hapa tena sikuwa na haki ya kuchagua. "Kukabidhiwa" kwangu kulibeba maana ya kwangu na ya binamu, si ya karatasi. Nikamwandikia muuzaji: unataka siku ihesabiwe kutoka lini? Alishangaa swali lenyewe. Alisema yeye siku zote alihesabu kutoka tarehe ambayo mnunuzi ametia saini kwenye hati ya kupokea. Basi nikamwomba aliandike hilo kwenye Kiingereza kwanza, halafu nikaandika: "ndani ya siku saba tangu tarehe ambayo mnunuzi alitia saini hati ya kupokea, siku ya kutia saini haihesabiwi." Ile nusu ya mwisho aliiongeza wakili.

Mwezi wa Novemba nahodha alipita ofisini. Friza mpya ilikuwa inagandisha, na alikuwa amemletea mke wangu nguru aliyegandishwa mgumu kama ubao. Nikamwonyesha karatasi mpya, nikiwa na fahari kidogo. Akavaa miwani, akasoma kipengele cha nne chote, midomo ikitembea.

"Kwa hiyo sasa mwenye hiari ni kampuni."

"Ndiyo, ami. Na ndivyo ilivyokusudiwa tangu mwanzo."

"Na hii yangu mpya, inafuata karatasi ipi?"

Nikamweleza kwamba friza iliyobadilishwa inamalizia muda uliobaki wa ile ya kwanza, hadi Februari, na masharti yake ni yale aliyonunulia, kwa hiyo karatasi yake ni ileile ya zamani.

Akavua miwani, akanirudishia karatasi mpya mkononi. Kisha akaniuliza ni wapi hapa Lamu wanapotia karatasi plastiki, ile ya kuzuia maji.